Duka dogo la Ayany laweza kutumia pesa ngapi kumpata mteja mpya?

Mtaa wa Ayany, ulio pembezoni mwa Kibera jijini Nairobi, si mahali pa mwenye duka kusubiri wateja kwa subira. Kutoka Barabara ya Karanja hadi upande wa Olympic, maduka ya rejareja yamepangana mlango kwa mlango. Mengi huuza bidhaa zile zile: unga, mafuta ya kupikia, sukari, mkate, maziwa, sabuni na kadi za simu. Wapangaji nao huhama. Mwisho wa mwezi mikokoteni hupita na magodoro, na pamoja nayo huondoka wateja ambao mwenye duka alikuwa amekwisha kuwazoea kwa majina.

Kwa sababu hiyo kila duka la aina hii hutumia pesa kuwavutia wageni, hata kama mwenyewe hajui kwamba anazitumia. Kuna anayepunguza bei ya mkate kwa wiki moja, anayechapisha vikaratasi, anayelipia bango na anayempa mtunza jumba la ghorofa kitu kidogo ili awaelekeze wapangaji wapya dukani kwake. Swali ambalo nadra kuulizwa kabla ya pesa kutoka mfukoni ni hili: mteja mmoja mpya anastahili kugharimu shilingi ngapi?

Jibu halipatikani kwa kutazama gharama ya tangazo lenyewe. Hupatikana kwa kutazama mambo mawili yanayotokea baadaye, yaani mteja atarudi mara ngapi katika mwaka wake wa kwanza, na kila arudipo ataliachia duka faida gani. Makala haya yanafanya hesabu hiyo hatua kwa hatua kwa kutumia duka la mfano. Tarakimu zake ni za kuelezea tu, na kila mwenye duka atalazimika kuweka za kwake.

Faida ya ununuzi mmoja

Tuchukulie kwamba duka letu linahudumia wateja 100 kwa siku, na kwamba kwa wastani kila mmoja hununua bidhaa za Sh240. Bidhaa hizo mwenye duka alizinunua kwa Sh200. Hapa ndipo kosa la kwanza hujitokeza. Wengi husema wanapata faida ya asilimia 20, kwa kuwa Sh40 ni asilimia 20 ya Sh200. Kisha huchukua hiyo asilimia 20 na kuitoza kwenye mauzo: asilimia 20 ya Sh240 ni Sh48. Kwa kufanya hivyo wamejizulia Sh8 ambazo hazipo. Sh40 ni asilimia 20 ya bei ya kununulia, lakini ni chini kidogo ya asilimia 17 ya bei ya kuuzia. Ni salama zaidi kuhesabu kwa shilingi na kuachana na asilimia.

Katika Sh40 hizo, kuna pesa ambazo hutoka kila bidhaa inapouzwa. Ya kwanza ni kodi. Duka linalouza Sh24,000 kwa siku huuza zaidi ya Sh8 milioni kwa mwaka, na hivyo huangukia katika kodi ya mauzo ghafi inayotozwa biashara ndogo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliipandisha kodi hiyo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3 kwa biashara zenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Asilimia 3 yaonekana ndogo. Lakini hutozwa juu ya mauzo yote wala si juu ya faida, na asilimia 3 ya Sh240 ni Sh7.20. Hiyo ni karibu moja kwa tano ya faida yote ya Sh40. Mwenye duka anayekokotoa gharama ya kumpata mteja bila kuitoa kodi hii atajidanganya kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Baada ya kodi kuna deni lisilolipwa, maziwa yanayoganda na mikate inayobaki, pamoja na vifungashio, ambavyo vimekuwa ghali zaidi tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku humu nchini mnamo Agosti 2017. Tuchukulie hayo yote yanakula Sh2.80 katika kila ununuzi. Kinachobaki ni Sh30. Hiyo ndiyo tarakimu ya kufanyia kazi, na tutaiita faida safi ya ununuzi, ingawa haijalipa pango wala mshahara.

Tarakimu hii haidumu. Mwaka 2022 bei ya unga wa mahindi ilipanda kupita Sh200 kwa pakiti ya kilo mbili, na mwezi Julai serikali ikatangaza ruzuku ya kuishusha hadi Sh100. Wenye maduka wanakumbuka kilichofuata: unga wa bei hiyo ulikuwa adimu madukani. Bei ya bidhaa kuu inapoyumba namna hiyo, faida ya shilingi chache iliyomo ndani ya pakiti haiyumbi kwa kiwango kile kile. Bei ikipanda mara mbili na faida ya pakiti ikabaki shilingi tano, asilimia ya faida imeshuka nusu ilhali kodi ya mauzo imepanda maradufu. Ndiyo maana faida safi ya ununuzi inapaswa kupigiwa hesabu upya kila bei ya unga, sukari au mafuta inapobadilika sana.

Nani hurudi, na mara ngapi

Sasa tuje kwenye kurudi kwa wateja, ambako ndiko hesabu nyingi huharibika. Mwenye duka akiulizwa mteja huja mara ngapi, humkumbuka mteja wake mzuri: yule mama wa ghorofa ya pili ambaye huja mara tano kwa mwezi kununua vitu vya nyumba. Kisha huhesabu hivi: mara 5 kwa miezi 12 ni mara 60, kila mara ni Sh48, hivyo mteja mmoja ana thamani ya Sh2,880 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo kumtumilia Sh500 mteja mpya ni jambo dogo sana.

Lakini mteja mpya si mama wa ghorofa ya pili. Mteja mpya ni mtu yeyote aliyeingia kwa mara ya kwanza, na wengi wa walioingia kwa mara ya kwanza hawaonekani tena. Walikuwa wapita njia, au walikuta duka lao la kawaida limefungwa, au walivutiwa na bei ya siku moja. Ili kujua thamani ya mteja mpya sharti tuwafuate wote walioingia, pamoja na wale waliopotea.

Njia ya kuwafuata haihitaji kompyuta. Chukua daftari na uandike wateja wote wapya wa mwezi mmoja, kila mmoja kwa jina au kwa alama utakayoikumbuka, kama vile nambari ya nyumba. Kila mmoja apewe mstari wake, na kila ajapo awekewe alama katika safu ya mwezi husika. Watu wa mwezi huo ni kundi moja, na halichanganywi na la mwezi unaofuata. Malipo ya simu yamerahisisha kazi hii tangu Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mwaka 2007 na baadaye huduma ya Lipa na M-Pesa kwa wafanyabiashara, kwani kila malipo huacha kumbukumbu ya tarehe na kiasi. Hata hivyo, kumbukumbu hizo si ruhusa ya kuwatumia watu jumbe za matangazo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahitaji idhini ya mhusika kabla ya nambari yake kutumiwa hivyo.

Tuseme duka letu la mfano liliandikisha wateja wapya 40 katika mwezi mmoja. Katika mwezi wa pili walioonekana angalau mara moja walikuwa 22. Mwezi wa tatu walikuwa 18, wa nne 16, wa tano 15, wa sita 14, wa saba 13, wa nane 12, wa tisa 12, wa kumi 11, wa kumi na moja 11, na wa kumi na mbili walibaki 10.

Umbo la tarakimu hizi ni la kawaida katika rejareja, na linafaa kutazamwa kwa makini. Anguko kubwa liko kati ya mwezi wa kwanza na wa pili, ambapo karibu nusu walipotea. Baada ya hapo upungufu ni wa polepole, watu wanne katika mwezi wa tatu na kisha wasiozidi wawili kwa mwezi, na sehemu kubwa yake ni kuhama nyumba wala si kuchukizwa na duka.

Katika mwezi wa kwanza kundi hili lilinunua mara 2 kwa kila mtu, yaani manunuzi 80. Miezi iliyofuata, kila aliyekuwa bado mteja alinunua mara 5 kwa mwezi. Tukijumlisha walioonekana kuanzia mwezi wa pili hadi wa kumi na mbili tunapata 154, na mara 5 ni manunuzi 770. Kwa mwaka mzima kundi lilinunua mara 850. Tukigawa kwa watu 40 walioanza, tunapata zaidi kidogo ya mara 21 kwa kila mmoja. Kwa faida safi ya Sh30, kila mteja mpya aliliachia duka takriban Sh637 katika mwaka wa kwanza.

Linganisha Sh637 na zile Sh2,880 za awali. Duka ni lile lile na wateja ni wale wale, ila hesabu ya kwanza ilimtazama aliyebaki na kumsahau aliyepotea.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tunakomea mwaka mmoja ilhali wateja 10 bado wapo. Katika mtaa wenye wapangaji wengi, mwaka wa pili ni kubahatisha. Nyumba hubadilisha watu, duka jipya hufunguliwa ng'ambo ya barabara, na bei hugeuka. Faida ya mwaka wa pili ikija ipokewe kwa furaha, lakini haifai kutumiwa leo kulipia vikaratasi.

Kutoka thamani hadi kikomo

Sh637 si kikomo cha matumizi. Akitumia zote kumleta mteja, mwenye duka atakuwa amefanya kazi mwaka mzima kwa niaba ya mchapishaji wa vikaratasi.

Kwa manunuzi 3,000 kwa mwezi, duka letu hupata faida safi ya Sh90,000. Kutokana na hizo hulipwa pango Sh15,000, msaidizi Sh16,000, umeme, ulinzi na leseni ya kaunti Sh6,000, na mwenyewe huchukua Sh26,000 kwa matumizi ya nyumbani. Jumla ni Sh63,000, sawa na asilimia 70 ya faida safi. Inabaki asilimia 30.

Kuna wanaodai kwamba pango hulipwa hata mteja mpya asipokuja, hivyo si haki kumbebesha mzigo huo. Hoja hiyo ina ukweli wake kwa wateja wachache wa nyongeza. Hata hivyo, kwa duka la Ayany haifiki mbali, kwa kuwa wateja wapya wengi si nyongeza bali huziba pengo la waliohama. Baada ya mwaka mmoja au miwili karibu wateja wote watakuwa ni wale waliowahi kuwa wapya. Ikiwa hakuna hata mmoja kati yao aliyetarajiwa kuchangia pango, nani atalilipa? Ndiyo maana mwandishi huyu angemtoza kila mteja sehemu yake kamili.

Hivyo basi kikomo cha kwanza ni hiki:

Kikomo = manunuzi ya mwaka kwa kila mteja mpya × faida safi ya ununuzi × sehemu inayobaki baada ya gharama za kudumu

Kwa duka letu ni Sh637 mara asilimia 30, yaani takriban Sh190. Kwa kiasi hicho duka halipati wala halipotezi. Chochote kilicho chini yake ni faida.

Lakini kuna kikomo cha pili, nacho ni cha pesa taslimu. Sh190 hutoka leo, ilhali Sh637 huja kwa matone ya Sh30 kwa mwaka mzima. Wateja 40 kwa Sh190 kila mmoja ni Sh7,600, na pesa hizo kwa kawaida hutolewa katika zile za kununulia bidhaa. Rafu ikikosa sukari kwa sababu pesa zilikwenda kwa matangazo, wateja wa zamani huanza kuvuka barabara, na hasara hiyo haiandikwi popote.

Kwa hivyo ni vyema mwenye duka aamue pesa zirudi ndani ya muda gani. Katika mwezi wa kwanza, kundi letu lilirudisha Sh60 kwa kila mtu, yaani manunuzi mawili ya Sh30. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili, manunuzi yalikuwa 190 kwa watu 40, sawa na takriban Sh142 kwa kila mtu. Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu zilikuwa Sh210. Mwenye mtaji mdogo, hasa aliyejaza rafu kwa mkopo, afadhali adai pesa zirudi ndani ya miezi miwili. Basi kati ya vikomo viwili, Sh190 cha faida na Sh142 cha taslimu, atachukua kilicho kidogo. Tuseme Sh140.

Duka lililofunguliwa miezi mitatu iliyopita halina kumbukumbu ya mwaka. Hilo lisiazime tarakimu za jirani. Lihesabu manunuzi liliyoyaona kwa macho tu. Kundi letu lilikuwa na manunuzi 7 kwa kila mtu katika miezi mitatu, yaani Sh210, na asilimia 30 yake ni Sh63. Hicho kiwe kikomo cha muda, kisha kipandishwe kadiri daftari linavyojaa.

Njia tatu kwenye mizani

Sasa kikomo cha Sh140 kitumike kupima njia za kuwapata wateja.

Ya kwanza ni bango na vikaratasi vilivyogharimu Sh3,000, pamoja na ada ambayo kaunti hutoza kwa bango. Katika kipindi husika wateja 12 wapya walisema walikuja kwa sababu hiyo. Kila mmoja amegharimu Sh250. Hata kama watarudi kama wengine, ni ghali mno. Bango laweza kutetewa kwamba litakaa ukutani kwa mwaka mzima, na hiyo ni hoja ya haki, almuradi wateja linaowaleta waendelee kuhesabiwa kila mwezi na isisemwe tu kwamba linasaidia. Vikaratasi havina utetezi huo, kwani huishia kufungia mandazi.

Ya pili ni punguzo la Sh50 kwa ununuzi wa kwanza, lililotolewa kwa wiki nne kwa kila aliyekuja na karatasi yenye muhuri wa duka. Watu 100 walilichukua. Punguzo ligharimu Sh5,000 na uchapishaji Sh1,000, jumla Sh6,000. Mwenye duka aligawa kwa 100, akapata Sh60 kwa kila mtu, akafurahi.

Furaha hiyo ina nyufa. Daftari lilionyesha kwamba kati ya 100 hao, 40 walikuwa wateja wa zamani waliookota karatasi kwa jirani. Waliobaki ni 60. Kisha kuna waliokuwa waje tu. Kabla ya punguzo, duka lilikuwa likipata wateja wapya 6 kwa wiki bila kufanya lolote, hivyo katika wiki nne wangekuja 24. Walioletwa na punguzo lenyewe ni 36. Gawanya Sh6,000 kwa 36 na utapata takriban Sh167 kwa kila mmoja, ambazo zimepita kikomo.

Na bado kuna kasoro kubwa zaidi. Wale 60 hawakurudi kama kundi la kawaida. Mwezi wa kwanza walinunua mara moja na nusu kwa wastani, na mwezi wa pili wakaonekana 15 tu, yaani robo, ilhali katika kundi la kawaida walirudi 22 kati ya 40, zaidi ya nusu. Mtu anayekuja kwa bei mara nyingi huondoka kwa bei.

Je, ni lazima kusubiri mwaka ili kujua hasara hii? La. Rudi kwenye kundi la kwanza: walioonekana mwezi wa pili walikuwa 22, na jumla ya walioonekana kuanzia mwezi huo hadi mwisho wa mwaka ilikuwa 154. Yaani kila mmoja aliyerudi mwezi wa pili alisimamia miezi 7 ya wateja. Tukitumia kipimo hicho kwa wale 15, tunatarajia miezi 105, na kwa mara 5 kwa mwezi ni manunuzi 525. Ongeza 90 ya mwezi wa kwanza, jumla ni 615, ambayo kwa watu 60 ni zaidi kidogo ya mara 10 kwa kila mmoja. Thamani yao ya mwaka ni takriban Sh307, na asilimia 30 yake ni Sh92. Basi wateja wa punguzo wana kikomo chao cha Sh92, na walinunuliwa kwa Sh167. Hilo lingejulikana mwishoni mwa mwezi wa pili, kabla karatasi nyingine hazijachapishwa.

Tanbihi moja kuhusu punguzo. Zile Sh50 ama zihesabiwe kama gharama ya kumpata mteja, ama zitolewe katika faida ya ununuzi wake wa kwanza, lakini zisihesabiwe mara mbili. Na ikiwa badala ya pesa duka linatoa zawadi, tuseme sabuni inayouzwa Sh60 na kununuliwa kwa Sh50, gharama ni Sh50 tu iwapo mteja hakuwa na nia ya kuinunua. Ikiwa angeinunua, duka limepoteza Sh60.

Njia ya tatu ni mtunza jumba. Duka lilikubaliana naye kwamba kwa kila mpangaji mpya atakayemwelekeza, atalipwa Sh100, lakini baada ya mpangaji huyo kununua kwa mara ya tatu. Walikuja 20, na 12 kati yao wakafikisha mara ya tatu. Duka lililipa Sh1,200. Kutoka jumba hilo walikuwa wakija wapangaji wapya 6 hata hapo awali, hivyo walioletwa na mpango huu ni 14. Gharama ni takriban Sh86 kwa kila mmoja, chini ya kikomo cha Sh140.

Ubora wa njia hii umo katika wakati wa kulipa. Vikaratasi hulipiwa kabla ya yeyote kuingia, na punguzo hulipwa mlangoni, ilhali hapa pesa hutoka baada ya mteja mwenyewe kuingiza Sh90 katika manunuzi matatu. Anguko kubwa la mwezi wa kwanza limebebwa na mtunza jumba. Utaratibu huo huo waweza kutumiwa kwa mteja wa zamani anayemleta jirani. Hatari yake ni udanganyifu mdogo mdogo, ambapo wapangaji wa zamani huletwa wakidaiwa ni wapya. Dalili yake huonekana daftarini: manunuzi matatu ya vitu vidogo siku tatu mfululizo, kisha kimya.

Mambo yanayopotosha daftari

Wazo la kuweka alama kwenye karatasi ili kujua nani ameletwa na nini si geni. Mwanabiashara wa matangazo wa Marekani, Claude Hopkins, aliandika mwaka 1923 kuhusu kuponi zenye alama ambazo ziliwezesha kila tangazo lipimwe kivyake. Kinachotatiza Ayany si ukosefu wa njia bali kalenda.

Kundi lililoanza mwishoni mwa Novemba litaonekana limekufa Desemba, kwa kuwa wengi husafiri mashambani kwa Krismasi. Januari hurudi, ila pesa zao zimekwenda kwa karo na sare za shule, na hununua kwa vipimo vidogo. Mwenye duka akilihukumu kundi hilo kwa mwezi wa pili tu ataikataa njia ambayo pengine ni nzuri. Kwa makundi ya Novemba na Desemba afadhali asubiri hadi Februari. Vivyo hivyo, mteja asionekane mwezi mmoja na kufutwa. Aliyepotea miezi miwili mfululizo ndiye wa kuhesabiwa kuwa ameondoka.

Deni nalo hupotosha kwa namna ya hila. Mteja mpya anayepewa bidhaa kwa deni hurudi mara nyingi, na alama zake daftarini hupendeza. Kisha mwisho wa mwezi huhama. Kwa hiyo ununuzi wa deni usiwekewe alama hadi ulipwe. Duka lenye desturi ya kuwavutia wageni kwa deni lina gharama ya kumpata mteja ambayo haikuandikwa popote, nayo huenda ikawa kubwa kuliko bango na vikaratasi vikijumlishwa.

Makosa haya hayawapati wenye maduka madogo pekee. Mwezi Desemba 2023 kampuni ya Jumia ilitangaza kufunga huduma yake ya kupeleka vyakula, Jumia Food, nchini Kenya na katika mataifa mengine, ikieleza kwamba biashara hiyo haikufaa mazingira ya masoko yake. Katika biashara ya aina hiyo kila chakula hulazimika kumlipa mpeleka mzigo kwanza, na kampuni zinazoshindania mteja yule yule humvuta kwa vipunguzo. Kinachobaki kwa kila ununuzi kikiwa shilingi chache, au kikiwa chini ya sufuri, hakuna idadi ya kurudi inayoweza kulipa gharama ya kumleta mteja. Kwa duka la Ayany pia, Sh30 zikishuka hadi Sh15, kikomo cha Sh190 huwa Sh95, na kile cha miezi miwili huwa Sh71. Kwa kipimo hicho, hata Sh86 za mtunza jumba zingekuwa nyingi.